Skrinshoti ndani ya skrinshoti: namna ya kuisoma na uiamini mpaka wapi

Kila anayeishi kwenye magrupu ya WhatsApp anazijua hizi picha. Mtu anatupa skrinshoti ya chati yake na fulani, na ndani ya hiyo chati huyo fulani kamtumia skrinshoti ya chati nyingine kabisa, ndogo, imefifia, maandishi unayasoma umekunja uso, na kabla hata hujamaliza mstari wa pili watu washaandika "mi nilijua tu". Shida ni kwamba wengi wanasoma zile chati mbili kama chati moja, wanachanganya nani ni nani na lini ni lini, na picha inaishia kusema kitu ambacho haikukisema.

Ntatumia moja iliyoletwa kwenye chama chetu hapa Mombasa, majina nayatoa, lakini mpangilio wake nauacha vile ulivyokuwa manake mpangilio ndo wenye kazi. Chama kilianza Januari 2025, tuna mweka hazina, na usiku mmoja mwanachama mwenzetu akatupa picha bila neno lolote. Ilikuwa hivi.

Picha ya nje, juu kabisa saa ya simu inaonyesha 21:47 na jina la chati ni "Shem". Kushoto kuna ile picha ya ndani, juu yake pameandikwa Forwarded na kale kamshale, kwenye kona 20:15. Chini yake kushoto tena: "Ona mwenyewe mweka hazina wenu" 20:15. Kulia: "Haki ya Mungu???" 20:16, tiki mbili za bluu. Kushoto: "Usiseme umepata kwangu" 20:18.

Picha ya ndani haina jina juu, haina saa ya simu, inaanza moja kwa moja na kile kibandiko cha katikati Today. Halafu kulia: "Zile pesa vipi?" 07:58, tiki mbili za bluu. Kushoto: "Nilizitumia kidogo, ntarudisha mwisho wa mwezi. Usiwaambie wengine" 08:03. Kushoto: "Chukua hizi kwanza" 08:10. Na mwisho kushoto, "SCD4K7M2PX Confirmed. Ksh5,000.00 sent to", hapo imekatika.

Grupu zima likasoma: leo asubuhi mweka hazina amekiri kala pesa za chama. Sasa twende taratibu.

Kwanza zitenganishe

Fungua picha, izumu, halafu chukua karatasi au notisi za simu uandike vitu viwili mbali mbali: NJE na NDANI. Usiziache kichwani, kichwani zinachanganyika. Kila jina, kila saa, kila tiki unayoiona iandike kwenye upande wake. 20:15 ni ya nje, 08:03 ni ya ndani, na hizo saa mbili hazina undugu wowote mpaka uuthibitishe, zinaweza kuwa siku moja na zinaweza kupishana miaka.

Halafu ujue hii: ile picha ya ndani unayoiona kwenye chati siyo picha nzima. WhatsApp ikionyesha picha ndefu ndani ya chati inakata juu na chini ili itoshee, mpaka uiguse ifunguke ndo unaiona yote. Skrinshoti ya simu ni ndefu, kwa hiyo inakatwa karibu kila mara, na kinachopotea ni sehemu ya juu yenye jina la chati na saa ya simu, pamoja na sehemu ya chini yenye meseji za mwisho. Yaani vile vitu unavyovihitaji zaidi. Na hapo hakuna aliyeficha, ni mpangilio wa app tu. Lakini matokeo ni yale yale, unahukumu ukiwa umeona katikati peke yake. Kwa hiyo ombi la kwanza kwa aliyetupa picha siku zote ni dogo: "Tutumie hiyo picha yenyewe, siyo skrinshoti ya chati iliyo na hiyo picha." Kama kweli katumiwa, anayo, ni suala la kuigusa na kuiforwadi.

Nani anaongea: shika tiki

Watu wengi wanaangalia rangi. Rangi siku hizi haiaminiki, tangu WhatsApp walete themu za chati mtu anaweza kuwa na mabubo ya meseji ya zambarau. Upande ni bora kuliko rangi, kulia ni mwenye simu na kushoto ni anayeongea naye, japo kwenye simu iliyowekwa lugha ya Kiarabu, na sisi wenye ndugu Maskati na Dubai tunaziona sana hizo, skrini inaweza kugeuka kushoto kuwa kulia. Kitu kisichogeuka ni tiki. Tiki zinakaa kwenye meseji alizotuma mwenye simu tu, hazikai kamwe kwenye meseji alizopokea. Bubo lenye tiki ni la yule aliyeshika simu iliyopigwa skrinshoti.

Sasa hii sheria unaitumia mara mbili, na hapa ndo watu wanapoteleza. Nje, tiki ziko kwenye "Haki ya Mungu???", kwa hiyo simu ya nje ni ya mwanachama wetu aliyetupa picha, sawa. Ndani, tiki ziko kwenye "Zile pesa vipi?", kwa hiyo simu ya ndani ni ya huyo anayedai pesa. Macho yako yakishazoea kwamba kulia ni mwanachama wetu, yakiingia ndani yanaendelea kumwona yeye kulia, na ndo maana watu kwenye grupu wakawa wanamuuliza "kwani wewe ulimuuliza lini?" wakati yeye ndani hayumo kabisa. Kila ukiingia tabaka jingine, kulia inabadilisha mwenyewe.

Tena tiki zinakupa kitu kingine. Tiki ya kijivu moja ni imetoka, mbili za kijivu zimefika kwenye simu ya mwenzake, mbili za bluu zimesomwa. Ukiona meseji ina tiki moja ya kijivu na chini yake kuna jibu la kuijibu hiyo hiyo, simama hapo, huwezi kujibu meseji isiyokufikia. Tiki mbili za kijivu na jibu chini, hiyo kawaida, mtu kazima bluu tu.

Ya ndani ilifikaje hapo

Angalia bubo lenye picha yenyewe. Halina tiki, liko kushoto, kwa hiyo ni Shem ndo kaituma kwa mwanachama wetu. Mpaka hapo wengi wanahitimisha kwamba simu ya ndani ni ya Shem, kwamba yeye ndo aliyekuwa anamuuliza mweka hazina. Lakini juu ya picha kuna Forwarded. Hilo neno maana yake Shem mwenyewe aliipata ndani ya WhatsApp, kwenye chati au grupu jingine, akaisukuma mbele. Kwa hiyo simu ya ndani ni ya mtu wa tatu, ambaye mpaka sasa hatumjui, na labda Shem naye hamjui.

Kukosekana kwa hilo neno hakuthibitishi kinyume, lakini. Ukiisevu picha kwenye gale halafu ukaituma upya kama picha yako, Forwarded haitokei. Kwa hiyo lipo, umejua kitu, halipo, hujajua kitu.

Alama nyingine ni sura ya simu. Ukipata picha nzima ya ndani, linganisha. Chini kwenye aifoni pale pa kuandikia kuna alama ya kujumlisha upande wa kushoto, kwenye Androidi kushoto kuna kisura cha kucheka na kulia kile kiduara chenye maiki. Kama mtu anaapa ni simu yake na unajua anatumia Tecno miaka yote, halafu picha ina sura ya aifoni, basi muulize vizuri.

Jina la juu ni la nani

Kwenye yetu jina la ndani halikuonekana, tulichokuwa nacho ni neno la Shem tu, "mweka hazina wenu". Lakini hata lingeonekana, jina la juu kwenye chati ya watu wawili ni vile mwenye simu alivyosevu namba. Mimi nikitaka saa hizi namsevu ndugu yangu "Mwenyekiti Chama", namwambia niandikie "nimekula pesa", nikapiga skrinshoti, na hiyo picha haina kosa hata moja, hakuna fundi duniani wa kuizumu akaona kitu, kwa sababu haijaguswa. Hiyo ndo njia rahisi kuliko zote ya kudanganya na haihitaji app yoyote, laini mbili zinatosha. Picha ya profaili vilevile, mtu anaichukua kwa mwenyewe na kuibandika kwake.

Kinachokaribia ukweli ni namba. Ukigusa jina la juu inafunguka namba, na namba hiyo mnaweza kuilinganisha na mliyo nayo. Kwenye grupu ni tofauti kidogo, jina la mtu linatokea juu ya bubo lake, na kama hujamsevu inatokea namba na kale kaalama ~ mbele ya jina alilojiita mwenyewe. Jina lenye ~ ni la kujiita, lisikubabaishe.

Lini: hapa ndo kesi yetu ilipofunguka

Today iliyo ndani siyo leo yako, na wala siyo leo ya picha ya nje. Ni siku ile ambayo simu ya ndani ilipigwa skrinshoti. Picha ikipigwa mwaka juzi itaendelea kusema Today mpaka kiama. Vivyo hivyo Yesterday, na Leo na Jana kwa waliobadilisha lugha. Nimeona ugomvi mkubwa ukitokea kwa sababu ya hicho kibandiko tu.

Saa nazo ni za kila simu kivyake. WhatsApp inaonyesha saa ya mahali simu ilipo, kwa hiyo meseji ile ile iliyoingia 20:15 Mombasa, kwa dada aliyeko Maskati inasomeka 21:15, na kwa aliyeko Goma 19:15. Mkilinganisha skrinshoti mbili za chati moja na saa zikapishana saa nzima kamili, uliza kwanza watu wako wapi kabla hujasema imechezewa. Na ukisoma ndani mtu kaandika "njoo saa 8" wakati meseji ina 13:20, hiyo ni saa nane ya mchana ya kwetu, saa 14:00 ya simu, hakuna kinachopishana.

Saa ya juu ya simu, ikionekana, inatakiwa iwe sawa au mbele ya meseji ya mwisho iliyo chini ya Today. Simu inasema 08:02 na kuna meseji ya Today ya 08:10, hapo pana walakini wa kweli.

Sasa ile meseji iliyokatika. "SCD4K7M2PX Confirmed. Ksh5,000.00 sent to", tarehe imebaki kwenye sehemu iliyokatwa. Lakini koodi ya M-Pesa ya Kenya imebeba tarehe ndani yake. Herufi ya kwanza ni mwaka: R ni 2023, S ni 2024, T ni 2025. Ya pili ni mwezi, A Januari, B Februari, C Machi, mpaka L Desemba. Ya tatu ni siku, 1 mpaka 9 ni namba zenyewe, halafu 10 inakuwa A, 11 B, 12 C, 13 D, inaenda hivo mpaka V ambayo ni 31. Kwa hiyo S-C-D ni 2024, Machi, tarehe 13. Kama una meseji zako za M-Pesa fungua mojawapo uhakikishe mwenyewe, dakika moja haikwishi. Hii ni ya M-Pesa ya Kenya, usiipeleke Tanzania.

Chama chetu kimezaliwa Januari 2025. Hiyo hela imetumwa Machi 2024.

Hapo mtu mmoja kwenye grupu akaruka, "basi kesi imeisha", na mimi nikasema bado, manake koodi inakwambia pesa ilitumwa lini, haikwambii meseji ilibandikwa kwenye chati lini. Mtu anaweza kuchukua meseji ya mwaka jana akaibandika leo kukumbushia. Kwa hiyo koodi inaweka mpaka upande mmoja tu: chati haiwezi kuwa ya kabla ya 13 Machi 2024, lakini inaweza kuwa ya baadaye. Kilichoelemea upande wa siku ile ile ni maneno yenyewe, "chukua hizi kwanza" halafu papo hapo 08:10 konfamesheni, ndo vile mtu anavyotuma pesa na kubandika. Inaelemea, haijafunga.

Na meseji ya M-Pesa iliyobandikwa WhatsApp ni maandishi tu, mtu anaibadilisha kama anavyobadilisha maandishi yoyote. Ila wanaobadilisha wanashughulika na kiasi, jina na tarehe, koodi wanaisahau. Ukiona tarehe inasema Juni na herufi ya pili ni C, hapo pana mkono wa mtu. Zikikubaliana, hujathibitisha pesa ilitumwa, umeona tu kwamba hazigombani. Anayetaka kujua pesa ilitumwa aangalie steitimenti ya laini iliyotuma au iliyopokea.

Kilichofutwa bila kuacha alama

Hii watu wengi hawaijui na kwangu ni nzito kuliko fotoshopu. Ukifuta meseji kwa wote, panabaki maandishi kwamba meseji imefutwa, kila mtu anayaona. Lakini ukifuta kwa upande wako tu, ile Delete for me, kwenye simu yako meseji inatoweka kabisa, mabubo yanasogeleana, hakuna pengo. Mwenzako kwake bado ipo. Kwa hiyo mwenye simu anaweza kuchati, akafuta mistari mitatu ya katikati, akapiga skrinshoti, na picha ikawa halisi asilimia mia huku mazungumzo yameharibika. Chukua mfano: "Umechukua pesa?" halafu "Ndio" halafu "nilizirudisha jana, mbele ya mwenyekiti". Ifute ile ya tatu.

Unaigunduaje? Kwa picha peke yake, ni ngumu. Unachoweza kufanya ni kusoma kama mazungumzo, jibu linajibu swali lililo juu yake? Kwenye yetu, "Usiwaambie wengine" hao wengine ni kina nani? Neno "wengine" linaegemea kitu kilichotajwa juu zaidi, na juu zaidi hatujaoneshwa. Nani anasema "zile pesa" bila kuwa washaziongea kabla? Maneno kama zile, wengine, huyo, kule, yakitokea kwenye mstari wa kwanza wa picha ujue chanzo chake kimebaki nje, na wewe unakijaza kwa ulichokuwa nacho kichwani. Sisi tulikuwa tunafikiria chama, kwa hiyo zile pesa zikawa za chama.

Pia angalia nafasi za saa. Dakika tano kati ya swali na jibu siyo kitu, mtu ana kazi zake. Lakini watu wanarushiana kila dakika halafu ghafla saa mbili zinapita katikati ya ubishi moto, halafu wanaendelea kama hakuna kitu, hapo uliza.

Na neno Edited karibu na saa ni la kulitazama. WhatsApp iliruhusu kuhariri meseji mwaka 2023, mwisho dakika kumi na tano baada ya kutuma. Likiwepo lina maana maneno ya kwanza yalikuwa mengine, na huenda jibu lililo chini lilikuwa linajibu yale ya kwanza.

Kama imechezewa kwa mkono

Sitakaa sana hapa, kwa sababu wadanganyifu wengi hawafiki huku. Vitu vya haraka: tiki kwenye meseji za kushoto, saa zinazorudi nyuma, na mikia ya mabubo. Mtu akituma meseji tatu mfululizo, kale kamkia ka pembeni kanakaa kwenye moja tu, siyo zote tatu, zile app za kutengeneza chati feki nyingine zinaweka kamkia kila bubo. Na kwenye kompyuta, WhatsApp ya kwenye brauza, mtu anaweza kubadilisha maneno yanayoonekana kwenye skrini yake akapiga picha na hakuna alama yoyote, kwa hiyo skrinshoti ya chati iliyopigwa kwenye kompyuta mimi naipa uzito mdogo zaidi ya ya simu.

Kuna kimoja kinachofaa hasa kwa hizi picha za tabaka mbili. Picha ikipita WhatsApp kwa kawaida inabanwa na kupoteza ubora, kwa hiyo maandishi ya ndani lazima yawe yamefifia kuliko ya nje, yana kama vumbi pembeni ya herufi, na yafifie yote sawasawa. Zumu mstari mmoja mmoja. Kama mstari mmoja wa ndani umekaa msafi kuliko majirani zake, au una rangi ya nyuma isiyofanana na bubo lake, huo uliandikwa juu baada ya picha kupita. Usichanganye hili na picha yote kuwa imefifia, hiyo ni dalili ya kuzunguka mikono mingi tu, siyo ya uongo.

Uombe nini, na kwa nani

Ukishamaliza hayo utajua nani ana nini. Mwanachama wetu anaweza kuthibitisha kitu kimoja, kwamba Shem alimtumia picha saa 20:15. Basi. Kumbana yeye aeleze ya ndani ni kumwonea, hajui. Shem anaweza kusema aliipata wapi. Mwenye simu ya ndani ndo anaweza kuifungua chati. Na kuna mtu wa nne ambaye kila mtu anamsahau, yule aliye kushoto ndani, anayetuhumiwa, ambaye naye ana chati ile ile kwenye simu yake, kamili, hata kile alichofutiwa upande wa pili. Mimi huyo ndo namwendea mapema, tena pembeni, siyo kwenye grupu.

Unachoomba ni rekodi ya skrini siyo skrinshoti nyingine. Mwambie aanze nje kwenye orodha ya chati, aingie kwenye chati husika, aguse jina la juu namba ionekane, arudi, apande juu mpaka mazungumzo yalipoanzia siku ile, tarehe iwe inaonekana imeandikwa kamili siyo Today, halafu ashuke taratibu bila kukata. Akifika kwenye meseji aliyoituma yeye aibonyeze kwa muda afungue Info, inatoa ilifika lini na ilisomwa lini. Hii haizuii udanganyifu wote, ile ya kumsevu ndugu yako jina la mtu bado inapita kama hamkulinganisha namba, lakini inaufanya uwe kazi kubwa. Ile faili ya Export chat inasaidia kusoma, ila ni maandishi matupu, inaharirika kirahisi, usiifanye ushahidi peke yake.

Maneno ya kuomba nayo yana namna yake. Ukimwandikia mtu "thibitisha" anakasirika. Mimi niliandika hivi kwa mweka hazina: "Kaka, kuna picha inazunguka ina maneno yako, sijui ni ya lini wala ya nini. Una hiyo chati kwako? Nionyeshe tukikutana, si lazima utume." Kuonyesha simu ana kwa ana ni bora kuliko kutuma chochote, kwa sababu unashika skrini mwenyewe unapanda unashuka, na yeye hahitaji kutawanya chati yake nzima.

Alituonyesha, mimi na mwenyekiti. Chati ilikuwa na binamu yake. Tarehe 13 Machi 2024 imeandikwa wazi. Pesa zilikuwa za mchango wa harusi ya dada yao, yeye ndo alikuwa anazikusanya, akakopa humo, na hao "wengine" ni ndugu zake. Konfamesheni nzima ilikuwa 13/3/24 saa 8:08 AM, na chini zaidi, wiki mbili mbele, salio lote limelipwa. Binamu aliipiga ile picha asubuhi ile ile akawatumia ndugu wawili, na huko ndo ilikoanza safari mpaka kwa Shem.

Sasa uiamini mpaka wapi

Mimi naipima kwa tabaka. Picha ya nje peke yake, ikiwa mwenyewe yupo na simu yake ipo, naiamini kwamba mazungumzo ya nje yalitokea. Picha ya ndani naiamini kwamba kuna picha kama hiyo inayozunguka, na siendi mbele ya hapo mpaka nipate angalau viwili kati ya hivi: picha nzima isiyokatwa, namba, tarehe kamili, au simu ya mmoja wa wale wawili wa ndani. Nikipata simu ya wote wawili na zinakubaliana, naiamini. Kama iko ya tatu ndani ya ya pili, na hizo zipo, sipotezi muda, natafuta chanzo au naacha.

Ukumbuke pia kwamba kuwa ya kweli na kuthibitisha kile kilichodaiwa ni mambo mawili. Ya kwetu ilikuwa ya kweli neno kwa neno. Mweka hazina alikula pesa za watu kweli, za harusi. Wanachama wawili walisema mtu aliyekopa za harusi hatakiwi kushika zetu, na hiyo hoja mimi naona ina uzito wake, tukaamua kila mwezi steitimenti ya laini ya chama itazamwe na watu watatu. Lakini hiyo ni hoja tofauti na ile aliyotupiwa usiku ule.

Kama mambo yanaelekea polisi au mahakamani, jueni mapema: Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inataka ushahidi wa kielektroniki uje na cheti kinachoeleza ulitolewa kwenye kifaa gani na namna gani, kimetiwa sahihi na anayehusika na kifaa hicho. Mwenye simu ya nje anaweza kutia sahihi kwa ajili ya simu yake, ya ndani hawezi. Kwa hiyo mwenye simu ya ndani asipotaka kujitokeza, mnachobaki nacho ni picha. Mwambieni asifute chati, asibadilishe simu bila kuweka bakapu, na nyie mkae na ile picha kama mlivyoipokea, msiikate, msiizungushie duara jekundu, manake kila mkiigusa mnaongeza tabaka la kwenu juu yake.